Watatu kwa Kila Mlango

Afisa wa mipango alipofika ukurasa wa nne, Mbeyu Kitsao aliacha kujipepea. Namba iliyosomwa aliitambua. Aliiandika yeye mwenyewe.

"Mfano, Kitalu cha Nne: wastani wa watu katika kaya moja ni watatu nukta moja," alisoma yule afisa, mwanamke mwembamba aitwaye Nyokabi, aliyehamia Malindi mwaka uliotangulia. "Miaka kumi iliyopita walikuwa wanne nukta nane. Chanzo ni sajili za wahudumu wa afya ya jamii."

Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Watu wa Kisumu Ndogo hawakuja kwa ajili ya wastani. Walikuja kwa ajili ya kiwanja cha Mkwajuni, ekari tatu zilizopakana na mtaa wao upande wa nyuma. Mtaa ulipopimwa mara ya kwanza, kiwanja kile kiliwekwa akiba ya kujengea vyumba, watu watakapozidi nafasi. Sasa bango lilikuwa limebandikwa pale kwamba kingebadilishwa kiwe maegesho ya malori, na mwenye pingamizi alipewa siku sitini. Zilikuwa zimebaki kumi na moja.

"Picha za kutoka angani zinaonyesha mapaa yameongezeka," Nyokabi aliendelea. "Kitalu hicho cha Nne kilikuwa na mapaa kumi na tano. Leo yako kumi na manane. Mapaa yameongezeka, na kaya zimekuwa ndogo. Kwa hivyo ripoti inasema shinikizo la makazi limepungua, na kiwanja cha akiba hakihitajiki."

Mtu mmoja nyuma alicheka kicheko kikavu. "Limepungua? Mimi nikigeuka kitandani, mke wa jirani huniuliza kama silali."

Watu wakacheka, lakini Mbeyu hakucheka. Kitalu cha Nne kilikuwa chake. Kwa miaka tisa alikuwa amebeba mkoba wa buluu mlango kwa mlango akiuliza ni nani mjamzito, ni nani anayekohoa, ni mtoto yupi hajachanjwa. Kaya mia moja, na kila moja ilikuwa na ukurasa wake katika daftari. Kila ukurasa, juu kabisa, ulikuwa na kisanduku kilichoandikwa: idadi ya watu.

Akainua mkono. Hakuwa mtu wa kusema barazani, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Dada, samahani. Kaya zenyewe ni ngapi?"

Nyokabi akafunua karatasi mbele, akafunua nyuma. "Jedwali lina mapaa na lina wastani. Idadi ya kaya haimo."

"Basi mimi ninayo. Kitalu cha Nne, miaka kumi iliyopita, kaya zilikuwa sitini na mbili. Daftari la aliyenitangulia ninalo. Leo ni mia moja. Hebu zidisha."

Nyokabi hakukasirika. Alitoa simu yake akazidisha, huku ukumbi ukingoja. "Wakati ule watu mia mbili tisini na wanane," alisema polepole. "Sasa mia tatu na kumi."

"Kwa hivyo hata kwa namba zenu hatukupungua. Tumegawanyika tu vipande vidogo zaidi."

Mzee Japheth Menza, aliyekaa safu ya mbele na fimbo yake kati ya magoti, aligeuka akamtazama. Yeye ndiye mwenye nyumba tano za Kitalu cha Nne, ikiwemo ile alimoishi Mbeyu. Macho yake yalikaa kwake kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Watu kumi na wawili waliozidi, na mapaa matatu mapya," alisema Nyokabi. "Kwa hesabu hiyo bado nafasi imetosha, mama. Ukiwa na namba nyingine, ilete kabla siku sitini hazijaisha. Nitaipokea."

Mbeyu akaketi. Namba nyingine alikuwa nayo. Shida ni kwamba hakuwahi kuiandika.

*

Usiku ule hakumwambia mtu. Alingoja asubuhi, mumewe Kambi alipokuwa akinoa randa yake nje ya mlango, akaweka daftari juu ya benchi la useremala.

"Nihesabie zenye tatu," alimwambia.

Kambi alilowesha kidole akafunua. Alikuwa mtu wa kufanya jambo hadi mwisho, na alifika hadi ukurasa wa mia. "Sabini na moja," alisema.

"Kaya sabini na moja kati ya mia zina watu watatu kamili. Umewahi kuona wapi? Watu hawazai kwa kipimo cha mbao."

Wote wawili walijua sababu. Ilikuwa ukutani, kwa rangi nyekundu, kando ya choo cha kila nyumba ya Menza: CHUMBA WATU WATATU. ZAIDI, UTAHAMA. Wenye nyumba wengine wa kitalu waliona mtindo ule ni mzuri wakaufuata. Mbeyu alipoanza kazi, mwanamke mmoja alimwambia ukweli, kwamba wao ni saba. Mbeyu akaandika saba. Juma lile lile Menza alikuja kuangalia mabati, akaliona daftari limewekwa wazi juu ya ndoo, na mwisho wa mwezi yule mwanamke akahama na godoro kichwani. Tangu siku hiyo, mtu akimwambia Mbeyu watatu, yeye huandika watatu, hata kama anawaona sita wakila. Chanjo alihesabu kwa watoto wenyewe, wajawazito kwa matumbo yao. Kile kisanduku cha juu alikiona kama cha bure. Hakuwaza kwamba kuna mtu atakijumlisha.

Na ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa wake. Mbeyu, Kambi, na binti yao Whitney. Watatu. Mwana wao Mwaro, mkewe Easter na mtoto wao mchanga walilala upande wa pili wa pazia, na hawakuwa mahali popote duniani kwa maandishi.

Kwao Mbeyu, kijana akishaoa hujenga kibanda chake uani mwa baba yake. Hilo halina mjadala. Lakini uani mwa baba yake ilikuwa wapi? Nje ya mlango wao palikuwa na benchi la Kambi, na mbele ya benchi palikuwa na mlango wa mtu mwingine.

"Na vyumba ulivyogawa," Mbeyu aliuliza, "katika kitalu chote?"

"Kumi. Nakumbuka kila kimoja. Kimoja kitanda kilikataa kuingia, ikabidi nikikate upande wa miguuni." Kambi alijaribu makali ya randa kwa kidole gumba. "Zamani vyumba vilikuwa tisini. Sasa milango ni mia, na kuta kumi za plaiwudi ni zangu."

"Na yale mapaa matatu mapya?"

"Kanisa la kina Jedida. Choo cha kina Damaris. Na lile banda la kuku la nyumba ya pembeni, lenye bati jipya. Kutoka angani kuku ni mpangaji kama wewe."

Mbeyu alicheka. Alikuwa ameshaona njia ilivyo, na hakuipenda. Kuileta namba ya kweli kulimaanisha kusema kwamba ya uwongo alikuwa ameitia yeye. Kulimaanisha pia watu wa milango mia watoke nje wajihesabu hadharani, Menza akiwa palepale na fimbo yake.

"Wakitutoa?" alimuuliza Kambi.

"Wakitutoa nitachukua ukuta wangu," alisema Kambi.

*

Aliwakuta wengi kwenye bomba la maji, foleni ya mitungi ya manjano ikizunguka kona. Jedida, mzee wa mtaa, alikuwa ameketi juu ya mtungi wake uliofungwa akisuluhisha ugomvi wa nani alitangulia. Mbeyu aliwaeleza bila kuzunguka. Ameshazungumza na afisa wa mipango, naye atakuja Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Atapita kila mlango wa Kitalu cha Nne. Kila mwenye chumba asimame nje na wote anaoishi nao.

Waliokuwa mbele kwenye foleni wakageuka kumtazama.

"Wewe ndiye uliyeandika watatu," alisema Damaris, aliyebeba mtoto mgongoni. "Sasa nguo zako zimechafuka, watutaka sisi tukufulie."

"Ni kweli," alisema Mbeyu.

Damaris alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa hilo. "Ni kweli nini?"

"Niliandika. Mara sabini na moja. Nilidhani nawafichia, na kwa Mzee Menza niliwaficha kweli. Sasa tumefichika kwa kila mtu. Mwenye kugawa ardhi anatazama karatasi haoni mtu, anaona nafasi ya kupaki lori."

"Na Mzee akitutoa?" aliuliza mwingine.

"Atutoe wangapi? Akitoa mlango mmoja, anapata mpangaji kesho. Akitoa milango arobaini siku moja, atakaa na funguo." Mbeyu alishika mpini wa mtungi wake. "Silazimishi mtu. Mimi naanza na mlango wangu. Mkiona nimesimama peke yangu, mtajua cha kufanya."

"Wewe umepata mdomo lini?" alisema Jedida. "Miaka tisa nakuona ukiuliza watu kama wamepata choo asubuhi, na hiyo ndiyo hotuba yako pekee."

"Ndiyo nayoijua."

"Basi mlango wangu ni wa pili," alisema Jedida. "Lakini foleni ya maji mimi bado ni wa kwanza."

*

Jumamosi saa kumi na moja na nusu Nyokabi alifika na raba miguuni na karatasi zilizobanwa kwenye ubao. Aliwaonyesha Mbeyu na Jedida namna atakavyoandika.

"Safu ya kwanza ni paa. Ya pili, mlango. Ya tatu ni kaya, yaani wanaopika chungu kimoja na kumsikiliza mkubwa mmoja. Milango miwili yaweza kuwa kaya moja, na mlango mmoja waweza kuwa na kaya mbili. Ya nne ni watu wanaoishi humu kwa kawaida. Sitaki makadirio. Nataka kuwaona."

"Na walio mbali?" aliuliza Mbeyu. "Watoto waliopelekwa kwa bibi zao kwa kukosa pa kulala?"

"Hao hawaishi hapa. Siwezi kuwajumlisha."

"Sikusema uwajumlishe. Nasema waandikwe."

Nyokabi alifikiri, kisha akachora mstari wa wima pembeni. "Safu ya tano. Lakini haiingii kwenye jumla, na ukiniomba iingie nitakukatalia."

"Sitakuomba."

Mzee Menza alikuwa ameshafika. Alisimama chini ya maandishi yake mekundu, kanzu safi, fimbo mkononi. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyeshangaa kumwona.

"Shikamoo, Mzee," alisema Mbeyu.

"Marahaba. Nasikia leo mnanihesabia nyumba zangu."

"Twajihesabu sisi, Mzee. Nyumba ziko palepale."

Akaenda kwenye mlango wake, akaubisha kwa kiganja. Alitoka Kambi, shati limefungwa vifungo vyote kama siku ya Pasaka. Akatoka Whitney na sare ya shule, ingawa ilikuwa Jumamosi. Kisha pazia likasogea, akatoka Mwaro, kijana mrefu aliyeinama kwa mazoea hata pale pasipo na dari, na nyuma yake Easter na mtoto akiwa amelala begani.

"Kaya ya arobaini na moja," alisema Mbeyu. Maneno yalitoka yamenyooka. "Daftari langu linasema watatu. Tuko sita. Chumba ni kimoja. Aliyeandika watatu ni mimi."

Nyokabi akaandika. Menza alimtazama Mwaro kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyu amekuwa akilala humu tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa, Mzee," alisema Kambi. "Ulikuja kwenye ubatizo wake. Ulikula pilau."

Kicheko kilipita uani. Hakikuwa kikubwa, lakini kiliifungua milango. Jedida akaenda mlangoni kwake, akatoka na watu wake watano. Chumba kilichofuata walitoka wanne. Kisha saba. Mtu mmoja alitoka na watoto wanaolingana urefu, wakapangana bila kuambiwa kama wako gwaride. Bibi mmoja alitoka peke yake, akasema yu peke yake, na Nyokabi akaandika moja. Mbeyu alifurahi kwa ile moja. Namba zilikuwa zimeanza kufanana na watu.

Kwa Damaris alisimama yeye, mumewe na mtoto. Watatu, wa kweli.

"Na wengine?" Mbeyu aliuliza taratibu.

"Wako Tezo kwa mama yangu. Wawili. Huyu akikua kidogo atawafuata." Damaris alimtazama Nyokabi. "Ripoti yenu ilisema kaya zimekuwa ndogo. Yangu ndiyo hii. Nimeipunguza mwenyewe."

 Nyokabi akaandika tatu katika safu ya nne, na mbili katika safu ya tano.

Mlango wa Joram ndio uliowapa kazi. Joram alikuwa mlinzi, na alitoka yeye na wenzake wawili wakipikicha macho.

"Mlilala watatu?" aliuliza Nyokabi.

"Usiku tulikuwa watatu."

"Basi watatu."

"Subiri," alisema Mbeyu. "Mwambie wa mchana."

Joram alijikuna kidevu akimwangalia Menza. "Wenzetu watatu wako kwenye malango ya watu mpaka saa kumi na mbili. Wakirudi wao wanalala, sisi twatoka. Magodoro ni matatu. Hayapoi."

"Mnapika pamoja?"

"Sufuria moja. Anayetoka huacha kidogo."

"Nikiuliza waliolala usiku wa jana, ni watatu," Nyokabi alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Nikiuliza wanaoishi, ni sita." Akaandika sita, akaweka alama ndogo na kueleza chini ya karatasi. Walisubiri, na kweli, kabla jua halijafika kwenye bati, wale watatu walifika na marungu yao, wakahesabiwa wakipiga miayo.

Menza alifuata kundi lile nyumba kwa nyumba. Kwenye kuta za plaiwudi Nyokabi aligonga kwa kifundo cha kidole, akauliza ziliwekwa lini, na Kambi akajibu mwaka na mwezi. Mzee aliangalia pembeni. Walipofika nyumba ya mwisho kati ya zake tano, alisimama mlangoni pa choo, akaizuia njia kwa fimbo.

"Mmemaliza kunivua nguo?" alisema. "Mbeyu, wewe nilikupa chumba ukiwa bibi arusi. Leo umesimama uani kwangu unaiambia serikali kwamba nilidanganywa miaka tisa. Nikikwambia uhame?"

 Mbeyu aliona watu wakimwangalia, na akaona pia kwamba hakuna aliyerudi ndani.

"Nitakuuliza pa kwenda, Mzee. Kwa sababu hapa kitalu kizima hakuna chumba kitupu, na hesabu unayo mbele yako. Ukitoa sita kutoka kwangu, watakwenda kuwa sita juu ya watu wengine. Pa kwenda ni Mkwajuni tu. Na Mkwajuni watapewa malori kwa sababu mimi na wewe tulikubaliana kwamba tuko watatu."

"Mimi sikukubaliana na mtu. Mimi niliandika sheria."

"Uliiandika kwa nini?"

Fimbo ilishuka kidogo. "Kwa sababu ya hili shimo," alisema Menza. "Nililichimba na ndugu yangu, tukagonga mwamba futi kumi na nne. Ni la vyumba sita, watu kumi na wanane. Nilijua linabeba wangapi. Mvua ile kubwa lilipofurika, watoto walikanyaga uchafu hapa nilipo. Ndipo nikaandika." Aligeuka kwa Nyokabi. "Sheria yangu haikuwa ubaya, mama. Nyumba hii leo wamehesabiwa wangapi?"

Nyokabi alijumlisha. "Milango minane. Watu thelathini na tisa."

Menza alirudia ile namba kimyakimya, midomo ikitembea. Alikuwa mzee asiyependa kuonekana akishindwa, na hakuonekana. Alisema tu, kwa ukali uleule, "Basi andika na choo. Mbona karatasi yenu ina paa na haina choo? Andika shimo moja, la watu kumi na wanane, limebeba thelathini na tisa. Na ukuta wa plaiwudi ni wangu, si wa huyu seremala, yeye alilipwa. Andika."

Nyokabi akaandika.

Hakusema kwamba Mbeyu abaki, wala hakusema ahame. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza watu walimpisha bila kuficha watoto nyuma ya mapazia.

*

Jumla waliifanya mara mbili, Nyokabi kwa simu na Mbeyu kwa kalamu, wameketi kwenye benchi la Kambi. Mapaa kumi na manane, kati yake nyumba za kuishi kumi na tano, zilezile za zamani. Milango mia, kaya mia. Watu mia nne hamsini na wawili.

"Wanne nukta tano kwa chumba," alisema Nyokabi. "Zamani, ukigawa watu mia mbili tisini na wanane kwa vyumba tisini, walikuwa watatu nukta tatu. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba wakizidi watatu kwenye chumba, hapo pamesongamana." Aliinamisha kichwa. "Mlikuwa mmeshasongamana miaka kumi iliyopita. Ripoti yangu ilisoma kinyume."

"Na safu ya tano?"

"Watoto themanini na saba. Hawamo kwenye jumla."

"Najua. Nauliza kama wataonekana."

"Wataonekana."

Kisha Nyokabi akasema alilokuwa akilizuia tangu asubuhi. Pingamizi lingeweza kuwasilishwa kwa namba mpya tu, bila kueleza za zamani zilitoka wapi. Angeweza kuandika kwamba sajili zilipitwa na wakati. "Ni kweli kiasi," alisema. "Na hakuna atakayekugusa."

 Mkoba wa buluu ulikuwa mapajani mwa Mbeyu.

"Wakisikia zimepitwa na wakati, watasema watu wameongezeka mwaka huu, ni wageni, watarudi makwao," alisema. "Sisi si wageni. Tulikuwepo wakati wote. Aliyetufuta ni mimi. Andika hivyo, niweke kidole na sahihi, vyote viwili."

*

Pingamizi lilisikilizwa Jumatano. Chumba cha mikutano kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kusitasita na meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa mipango, Bwana Peterson, aliyezoea kusoma karatasi kuanzia mwisho. Alisoma ukurasa wa mwisho mara mbili, akavua miwani.

"Mama Mbeyu. Hapa umeandika kwamba uliingiza takwimu za uwongo kwa kujua."

"Ndiyo, bwana."

"Mara sabini na moja."

"Kwa nilivyohesabu. Kati ya hizo, za kweli zilikuwa kumi na nne, na hizo tumeziacha zilivyo."

Mmoja wa wajumbe alikohoa kuficha kicheko. Bwana Peterson hakucheka. "Unajua karatasi hii itabidi iende kwa wakubwa wako wa afya. Unaweza kusimamishwa kazi."

"Nimesimama tayari," alisema Mbeyu. "Nisimamisheni. Nyinyi mna uwezo juu yangu. Lakini namba hamna uwezo juu yake, kwa sababu mmoja wenu aliiona kwa macho, mlango kwa mlango. Mkitaka kuikataa, njooni alfajiri. Tutatoka tena. Mkija mara kumi tutatoka mara kumi."

Sauti yake ilikuwa ndogo vilevile. Ila sasa chumba kizima kiliinamia mbele ili kuisikia.

"Hicho ni kitalu kimoja," alisema Bwana Peterson. "Mtaa una vitalu sita. Kitalu kimoja hakithibitishi mtaa."

"Hakithibitishi," alisema Nyokabi kutoka mwisho wa meza. "Lakini ripoti yetu ilitumia sajili zilezile kwa vitalu vyote sita. Nimezipitia jana. Katika kila kimoja, zaidi ya nusu ya kaya zina watu watatu. Kama sajili hii si ya kutegemewa, nyingine nazo siwezi kuzitetea. Na ripoti ni mimi niliyeisaini."

Bwana Peterson alimtazama afisa wake, kisha akatazama karatasi, kisha feni. Wajumbe wakaombwa watoke nje pamoja na mwenyekiti. Walikaa huko muda wa kutosha chai kupoa. Waliporudi alisoma kwa kasi, kama mtu anayetaka jambo limtoke mdomoni: mabadiliko ya kiwanja cha Mkwajuni yasimame. Mtaa wote uhesabiwe upya, kwa milango na si kwa mapaa, kazi ianze Jumatatu. Kabla hesabu hiyo haijakamilika, kiwanja kibaki akiba ya makazi. Na mhudumu wa Kitalu cha Nne aache mkoba na sajili mezani hadi suala lake litakapoangaliwa.

Mbeyu alifungua mkoba. Akatoa kipima joto, akatoa kanda ya kupimia mikono ya watoto, akatoa lile daftari, akaviweka mezani kimoja kimoja. Akaomba aandikiwe kwamba amevirudisha vyote. Wakamwandikia. Akaisoma ile karatasi, akaikunja, akaitia kifuani.

Nje, chini ya ukuta wa afisi, walikuwa wamekaa watu wapata thelathini wa mtaa, wengine na watoto, Jedida mbele yao akijipepea kwa kadi ya kliniki. Mwaro alikuwa ameegemea nguzo. Mzee Menza alikuwa ameketi mbali kidogo, upande wa kivuli, kana kwamba alikuja kwa shughuli nyingine.

"Mbona mikono mitupu?" aliuliza Jedida.

"Wamechukua mkoba."

"Na kiwanja?"

"Kiwanja wamekiacha. Jumatatu wanakuja kuhesabu milango, vitalu vyote sita." Mbeyu aliwatazama mmoja mmoja, na akangoja hadi walio nyuma nao wamtazame. "Waambieni wa vitalu vingine. Msimfiche mtu."